Waliyoyasema kando ya kitanda namba 4

Mimi ni Mdigo wa Kwale, muuguzi katika wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya kaunti karibu na Mlima Kenya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka kabila kubwa la kaunti, na mimi niliingia kwa mlango huo. Nilipokewa vizuri. Wenzangu walinitafutia nyumba ya kupanga, wakaniletea viazi na kabeji, na kabla wiki haijaisha nilikuwa naitwa "Mswahili wetu".

Taabu ilianza kwenye chai. Mazungumzo yalifunguka kwa Kiswahili, mtu akikumbuka kisa cha nyumbani anarukia Kikuyu, meza nzima inamfuata na mimi nabaki na kikombe changu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nashika nusunusu. Kikuyu na Kidigo ni ndugu wa mbali: "mwana" ni mwana, "nyama" ni nyama, na "mũgeni" ni mgeni. Siku moja nilisikia "mũgeni" mara tatu, kicheko kikafuata, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Baada ya wiki kadhaa ndipo nilipojua kwamba mgeni yule alikuwa shemeji wa mmoja wao, aliyekuja kutembea siku mbili akakaa mwezi.

Mara ya kwanza kulisema jambo hili nililisema vibaya. Nilikuwa nimeshajaa, nikasimama palepale kwenye chai nikawaambia hapa ni ofisi ya umma, na kifungu cha 7 cha Katiba kimetaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mmoja akanijibu kwa upole kwamba kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoitaka. Alisema kweli, nami pia nilisema kweli, na hapakuwa na wa kuamua kati yetu. Kwa siku nyingi baadaye nikiingia tu chumba cha chai, maneno yanakatika. Ukimya ule ulinikaba kuliko Kikuyu chenyewe.

Nikaacha kusema, nikaanza kuandika. Kwa wiki mbili nilikuwa na kijidaftari mfukoni, na kila walipohama lugha niliandika saa, mahali na waliokuwa wakizungumza nini. Niliyoyakuta sikuyategemea. Mara nyingi walihama wakiwa na mgonjwa mzee asiyejua Kiswahili, na hapo ndipo panapostahili. Nyingine zilikuwa soga za chai, hasa pale wawili waliosoma shule moja walipokaa pamoja. Zilizobaki zilikuwa chache, lakini zilikuwa za kazi, na karibu zote zilitokea wakati wa kupokezana zamu asubuhi, mwenye zamu ya usiku akiwa amechoka na maneno yanamtoka kwa lugha iliyo karibu na ulimi. Niligundua pia kwamba katika nyakati hizo hakuna aliyenikwepa kwa macho wala kushusha sauti nilipokaribia. Anayekusengenya hafanyi hivyo.

Kitanda namba 4 ndicho kilichonionyesha hasa nilichotakiwa kuomba. Alikuwepo mama aliyepatwa na kifafa cha mimba, anapewa magnesiamu salfeti: gramu 5 kwenye misuli ya tako kila baada ya saa 4, sindano hii kulia, inayofuata kushoto, kwa kupokezana. Dawa hii inaokoa, ila hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua, dawa inarundikana, na ikirundikana sana mgonjwa huacha kupumua. Ndiyo maana kabla ya kila sindano unagonga goti uone kama mguu unaruka, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na unapima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa kila saa.

Asubuhi ile, saa 1 unusu, tulipita kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda hicho muuguzi wa usiku alimgeukia mwenzake, akasema jambo kwa Kikuyu, mwenzake akaitikia, tukasonga mbele. Mimi niliokota namba ya kitanda tu. Kwenye chati, kisanduku cha saa 11 alfajiri kilikuwa kitupu. Nilidhani sindano imetolewa ila hajaiandika bado, jambo linalotokea wodini penye msongamano.

Saa 3 zamu yangu ya kuchoma ikafika. Nikagonga goti, likaruka kwa unyonge. Nikainama kutazama mfuko wa mkojo: mililita 70 kwa saa 4, mahali palipotakiwa zisipungue 120. Nikarudisha sindano kwenye trei nikamwita daktari. Nilipomuuliza yule aliyepokea maneno ya asubuhi, akashika mdomo. Alichoambiwa kwa Kikuyu ni kwamba dozi ya saa 11 ilisimamishwa kwa sababu ya mkojo, na ya saa 3 isitolewe kabla daktari hajamwona. Mama yule alipona. Lakini maagizo yale yalipita mbele ya uso wangu, na mimi ndiye niliyekuwa na sindano mkononi.

Sikulipeleka kwenye chai tena. Nilimsubiri muuguzi wa usiku aliporudi jioni, nikamwita pembeni, kwenye stoo ya shuka. Nilimwonyesha chati, nikamwambia: "Dada, leo nilikaribia kumchoma namba 4, kwa sababu uliyoyasema asubuhi yalinipita." Sikutaja kabila, sikutaja kubaguliwa, ingawa moyoni yote mawili yalikuwepo. Alikaa kimya, halafu akasema, "Pole, sikujua kama nilisema Kikuyu." Na nilimwamini.

Siku iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyenisindikiza kwa Sista msimamizi. Tuliomba mambo mawili. Kwanza, ripoti ya zamu na lolote linalosemwa juu ya mgonjwa kati yetu wauguzi liwe kwa Kiswahili. Pili, kisanduku kisiachwe kitupu: dawa isipotolewa, iandikwe haikutolewa na sababu yake. Juu ya chai sikuomba chochote. Nilishaona kwamba mtu ukimlazimisha lugha ya kuchekea, hatacheka mbele yako.

Nikajipa na sentensi moja ya kutumia papo hapo mtu akisahau: "Samahani, hapo pamenipita, namba ngapi na umesemaje?" Haimlaumu mtu. Inamfanya ayarudie kwa Kiswahili, na kurudia ni kazi, kwa hiyo baada ya mara mbili tatu wengi walianza kwa Kiswahili moja kwa moja. Siri ni kuuliza palepale. Ukingoja hadi mchana, mwenzako hakumbuki hata alisema nini, na wewe umeshajitungia maneno yako.

Kikuyu cha wodini nimejifunza pia, kwa ajili ya wagonjwa: "ruo" ni maumivu, "maaĩ" ni maji, "thakame" ni damu. Wenzangu wanapenda kunirekebisha, na meza ya chai imelegea tangu hapo. Mmoja akisimulia, aliye kando yangu ananidokeza kisa kinahusu nini, wengine wanaendelea.

Yupo mmoja ambaye hajabadilika hata kwenye ripoti, na Sista ameshasema naye mara mbili. Kwake nimebaki na sentensi yangu ileile. Anaguna, anatazama juu, kisha ananiambia kwa Kiswahili mgonjwa amelalaje, nami naandika.