Siku moja maishani mwangu: vibao vya kukatia vinavyotoka kwenye pipa la mabaki

Saa moja asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, namwaga pipa la mabaki sakafuni na kuchambua. Natafuta vipande vya fremu za milango, mbao ngumu yenye unene wa sentimita 5 na urefu usiopungua sentimita 32. Vifupi zaidi nawapa wenye kutaka kabari au kuni. Vyenye rangi, vilivyotiwa dawa ya wadudu, plaiwudi na mbao za unga uliogandishwa navitupa pembeni moja kwa moja, maana hiki ni kitu kitakachogusa chakula.

Vilivyopita mchujo vinakwenda rafuni, juu ya sakafu. Kipande kimoja nakiandika uzito wake kwa penseli, na baada ya wiki nakipima tena kwenye mizani. Kama bado kinapungua, shehena nzima inasubiri. Mbao yenye unyevu hunyauka kwa upana baada ya kuungwa, na mteja ndiye anayekuja kuona ufa.

Saa mbili na nusu msumeno wa meza tayari umepangwa kwa kazi kubwa ya leo, kwa hiyo napasulia hapo hapo vipande nilivyokausha, kila kimoja kuwa fito zenye unene wa sentimita 2.5. Mkono wangu haukaribii meno. Nasukuma kwa kijiti. Mbao fupi ikibanwa kati ya meno na kizuizi hurushwa nyuma kwa nguvu, na hakuna anayewahi kukwepa.

Kibao kimoja ni fito nne. Nikishalainisha kingo, kila fito inabaki na upana wa sentimita 4.5, kwa hiyo kibao kinatoka sentimita 30 kwa 18. Kingo hizo naziranda kwa mkono, fito mbili zikiwa zimebanwa pamoja kwenye jiriwa. Randa ikiinama kidogo upande mmoja, zikifunguliwa na kukutanishwa, kasoro ya moja inajazwa na kasoro ya mwenzake, na mwanga haupenyi.

Saa nne ni gundi. Natumia gundi nyeupe ya mbao inayostahimili maji. Ile ya kawaida huachia ikioshwa mara kwa mara. Nikikaza klampu naangalia mstari wa kiungo: matone madogo yakijipanga pande zote mbili, gundi inatosha. Pakiwa pakavu, nafungua na kupaka upya. Wanafunzi wangu hukaza mpaka klampu zinalia, wakidhani nguvu ndiyo inayoshika, kumbe wanaikamua gundi yote itoke nje. Baada ya nusu saa hivi, ikiwa laini kama mpira, nakwangua iliyozidi kwa patasi. Ikishakauka kabisa hung'oa nyuzi za mbao.

Kuanzia hapo mpaka saa nane ni milango ya watu. Hapa ndipo faida ya vibao ilipo kwa maoni yangu: gundi inakauka yenyewe nikiwa kwenye kazi nyingine. Ningesimama kuisubiri, vibao hivi visingenilipa.

Saa nane nachukua vilivyoungwa jana, kwa kuwa vya leo viachwe mpaka kesho ndipo viguswe na mashine ya kuranda. Naviranda vikiwa vimeshaungwa, si fito moja moja. Urefu ule wa sentimita 32 una sababu yake hapa: kitu kifupi mno huachwa na rola ya kwanza kabla ya kushikwa na ya pili, kikaruka. Unene unashuka mpaka sentimita 2. Nakata ncha kwenye kigezo, kisha msasa namba 80, 120 na 180. Halafu nalowesha uso wote kwa kitambaa. Nyuzi zinasimama, zikikauka napitisha namba 240. Ukiruka hatua hii, kibao kitakuwa na vinyweleo siku ya kwanza kuoshwa.

Saa kumi napaka mafuta ya madini yasiyo na harufu, ya daraja la kuliwa. Mafuta ya kupikia huchacha. Vanishi nayo hukatika kwa kisu na kubanduka.

Saa kumi na moja anapita mama mwenye duka la vyombo.

"Fundi, mbona hujaniletea vile vya duara? Watu wanaulizia."

"Mama, vya duara vinanilia muda. Hivi vyako vimeisha?"

"Vimebaki viwili."

Basi anachukua vingine sita, vipimo vile vile. Kila kimoja kimenichukua kama nusu saa ya mikono, na bei yake ni nusu saa hiyo, gundi, msasa, mafuta, na kitu kidogo kwa ajili ya mbao yenyewe. Wengi huihesabu mbao kuwa ya bure. Siku pipa likikosa vipande na wakalazimika kununua ubao mzima, bei yao inawaumbua. Vya duara nitamtengenezea akiniagiza kabisa, kwa bei yake.