Kurasa 312 za duka la pampu: nilivyochagua za kufuta na za kuunganisha

Tovuti ilikuwa ya duka la pampu za maji, imejengwa kwa WordPress, na kila aliyewahi kuishika aliongeza kurasa bila kutoa hata moja. Orodha ya anwani niliipata kwa Screaming Frog, ambayo toleo lake la bure huishia anwani 500, zikatoka 312. Programu hiyo hufuata viungo, kwa hiyo ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote hauuoni. Nikachukua pia anwani zilizomo kwenye sitemap.xml na zile zinazoonekana Search Console, nikaziweka zote kwenye jedwali moja la Excel, na kurasa yatima zikajitokeza.

Takwimu za Search Console nilizichukua za miezi 16, ambao ndio mwisho wa zinazotunzwa pale. Miezi mitatu ingenidanganya: pampu za umwagiliaji hutafutwa kiangazi, na ukipima wakati wa masika utaona ukurasa umekufa kumbe umelala tu.

Fungu jepesi lilikuwa kurasa za picha. Kila picha iliyopakiwa ilikuwa imezaa ukurasa wake usio na neno. WordPress iliacha kuziwasha kwa tovuti mpya kuanzia toleo 6.4, ila tovuti ya zamani hubaki nazo hadi mwenyewe uzizime. Hizo hazikunipotezea muda.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kurasa zinazofanana. Kuamua kwa kichwa cha habari ni kubahatisha. Mimi huingia Performance kwenye Search Console, nikachuja kwa neno moja la utafutaji, kwa mfano "bei ya pampu ya kisima", kisha nikafungua Pages. Kwa neno hilo zilitokea kurasa tano, zikipokezana wiki hadi wiki, hakuna iliyotulia. Hizo ni za kuunganisha. Lakini ukurasa wa pampu za kuzamisha na ule wa pampu za sola, uliokuwa umenakiliwa karibu nusu kutoka kwa mwenzake, zilikuwa na maneno tofauti kabisa ya utafutaji. Niliziacha zote mbili, nikaandika upya ile nusu.

Kati ya zile tano, anwani niliyoibakiza ni yenye mibofyo mingi na viungo vingi kutoka tovuti nyingine, ingawa maandishi yake yalikuwa mabovu kuliko yote. Maandishi huhamishika, viungo vya watu wengine huwezi kwenda kuvibadilisha. Jedwali la bei na maelezo ya kina cha kisima nikayatoa kwenye zile nne, nikayatia humo kabla ya kugusa chochote kingine.

Sifuri kwenye mibofyo si hukumu ya kifo. Ukurasa wa dhamana haukuwa na mbofyo hata mmoja kutoka Google, ila kumbukumbu za seva zilionyesha simu za watu zikiufungua kila wiki. Anwani yake ilikuwa imechapishwa kwenye kadi iliyomo ndani ya boksi la pampu. Kabla ya kufuta, waulize watu wa kaunta na wa ghala wanatuma viungo gani kwa wateja WhatsApp.

Ukurasa wenye mrithi niliuelekeza kwake kwa 301. Usio na mrithi, kama tangazo la ofa iliyokwisha, niliupa jibu la 410, yaani umeondolewa moja kwa moja. Wengi huelekeza mizigo hiyo yote ukurasa wa mwanzo. Google huweza kuichukulia kama ukurasa usiopatikana, na mgeni naye hushangaa aliyoyafuata yako wapi.

Kwenye .htaccess, faili la seva ya Apache ninapoandika maelekezo hayo, kuna mtego mmoja. Amri ya `Redirect` hushika anwani uliyoitaja pamoja na kila kilicho chini yake. Nilipoandika `Redirect 301 /pampu /pampu/kisima`, anwani mpya nayo ilishikwa, ikaelekezwa `/pampu/kisima/kisima`, ikaendelea kujirefusha hadi kivinjari kikatoa ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Dawa ni kufunga mwanzo na mwisho:

```
RedirectMatch 301 ^/pampu/?$ /pampu/kisima
RedirectMatch 410 ^/ofa-pasaka/?$
```

Kila mstari niliupima kwa `curl -I`: jibu liwe 301 mara moja, na anwani iliyo kwenye Location ikipimwa itoe 200. Ikitoa 301 nyingine, una mnyororo. Ule mstari wa kwanza uuelekeze moja kwa moja mwisho wa safari. Kisha menyu na viungo vya ndani vibadilishwe vielekee anwani mpya, na anwani zilizofutwa zitoke kwenye sitemap.xml. Usizifungie kwenye robots.txt, maana Google isiporuhusiwa kuzifungua haitaiona hiyo 301 wala 410.

Google wanashauri maelekezo hayo yaachwe angalau mwaka mmoja. Anwani ya kwenye kadi za dhamana ikihamishwa, maelekezo yake hayana tarehe ya mwisho: pampu bado zinauzwa na boksi zilezile.