Skrini ya bluu na daftari la madeni

Hii ilikuwa Septemba 2019. Nilikuwa na kibanda cha steshenari karibu na geti la chuo kimoja hapa Dodoma, printa moja, mashine ya kutoa kopi, na laptopu moja ya mtumba ambayo ndo ilikuwa inatulisha nyumbani. Wiki zile wanafunzi wanarudi kutoka fildi na kila mtu ana ripoti, dada nipangie kurasa, dada niwekee yaliyomo, dada baindingi shingapi, sasa katikati ya hiyo vurugu laptopu ikaanza kunizimikia.

Na sio kuzima kama umeme umekatika. Skrini nzima inakuwa bluu, kile kikatuni cha kununa kinatokea, maneno kadhaa ya kizungu, asilimia zinapanda, hujamaliza hata mstari wa kwanza imeshajizima na kuwaka upya. Mteja kakaa pembeni kwenye benchi anakuangalia. "Dada, ulisevu lakini?"

Fundi wa mtaani kwetu alivyokuja hata hakuiangalia sana, akasema Windows imechoka hiyo, akachukua elfu ishirini akapiga Windows upya. Ikatulia siku mbili. Ya tatu bluu. Nikamwita tena, safari hii akashika kiuno, "Basi dada hii ni mazabodi." Mazabodi! Bei aliyotaja ilikuwa karibu na niliyonunulia laptopu yenyewe. Nikamuuliza fundi umejuaje kama ni mazabodi, akanijibu hivi vitu tunavijua kwa uzoefu. Hapo ndo nilipochoka, nikasema kabla sijatoa hela nyingine ngoja kwanza nisome inachoandika.

Kusoma penyewe kulikuwa kazi kwa sababu inawahi kujiwasha upya. Kumbe hiyo unaizuia. Unaenda kwenye Run unaandika `SystemPropertiesAdvanced`, chini pale kwenye Startup and Recovery unabonyeza Settings, unatoa tiki kwenye "Automatically restart", na hapohapo unahakikisha imechaguliwa "Small memory dump". Ile ya kwanza inaifanya skrini ya bluu ibaki imeganda mpaka uizime mwenyewe, ya pili inafanya kila ajali iache kifaili kidogo kwenye folda ya `C:\Windows\Minidump`. Nikachukua daftari la madeni, ukurasa wa nyuma kabisa, kila ikitokea bluu naandika tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, na yale maneno mbele ya Stop code, na kama ipo ile "What failed" naandika na yenyewe. Baada ya siku tano nilikuwa na mistari sita:

```
MEMORY_MANAGEMENT
PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA    What failed: Ntfs.sys
DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL  What failed: tcpip.sys
IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL
SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION       What failed: win32kfull.sys
MEMORY_MANAGEMENT
```

Niseme ukweli, siku zile tano nilihangaika kijinga. Ilipotokea Ntfs.sys nikagundua ndo faili linalohusika na kusoma na kuandika kwenye diski, nikajua diski inakufa, usiku huo nikahamishia kazi za watu kwenye flashi mbili na kupiga `chkdsk`, diski haikuonyesha kasoro. Kesho yake tcpip.sys, hilo ni la mambo ya mtandao, basi nikaihamia draiva ya waifai, kile kiprogramu kinachoiendesha, nikaitoa nikaiweka upya. Nikakaa najisifu, jioni ikaja win32kfull.sys ambayo hata mtandao haihusiki nao, ni ya madirisha na vinavyochorwa kwenye skrini. Yaani nilikuwa nakimbiza kila jina linalotajwa.

Nina binamu yangu anafanya kazi za kompyuta Mwanza, nikampigia. Nikaanza kumsimulia ya mwisho akanikata, "Usinisomee moja, nisomee zote." Nikamsomea kwenye daftari moja baada ya nyingine. Akacheka kidogo halafu akaniambia hayo mafaili yote matatu ni ya Windows yenyewe, na kazi zao haziingiliani, moja diski, moja mtandao, moja skrini, yote matatu yaharibike wiki moja tena kwenye Windows iliyopigwa juzi? Akasema pale "What failed" inakutajia faili ambalo msimbo wake ulikuwa unatembea wakati mambo yanaharibika, basi, haijafanya upelelezi wowote. Barabara ikiwa na shimo leo litamwangusha wa bodaboda kesho wa baiskeli, sasa wewe unaandika majina ya walioanguka unaenda kuwatibu mmoja mmoja, shimo lipo palepale. Ingekuwa draiva moja ndo mbovu, mara nyingi jina lake lingejirudia, au angalau bluu ingekuja kwenye tukio lilelile, mfano kila ukichomeka printa au kila ukiiamsha usingizini. Ya kwako inaruka huku na huku, hapo mimi nawaza kile ambacho wote wanakanyaga, RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kila programu inapitia.

Halafu akauliza umeongeza chochote kwenye hiyo mashine? Nikasema hapana. Nikakaa kimya. Eh, ngoja. Mwezi wa saba niliongezewa RAM, ilikuwa na 4 GB nikanunua kijiti kingine cha 4 GB cha mtumba ili iwe nyepesi. Bluu zilianza wiki kadhaa baadaye ndo maana sikuwahi kuunganisha hayo mawili, na nikikumbuka vizuri zilikuwa zinakuja nikiwa nimefungua vitu vingi, Word tatu, brauza, na picha za pasipoti juu yake.

"Lakini usiniamini mimi," akasema, "kuna draiva nyingine ina tabia ya kuandika juu ya eneo la mwenzake, na yenyewe inakuletea majina tofautitofauti hivihivi. Fungua vile vifaili."

Nikaweka WinDbg, programu ya Microsoft ya kusoma vifaili vya ajali, nikaingia kwenye ile folda ya Minidump nikavinakili vifaili pembeni nikafungua cha mwisho. Chini pale unaandika `!analyze -v` unasubiri, na mtandao uwe hewani maana inavuta taarifa za mafaili ya Windows kutoka Microsoft ili ipate cha kulinganisha, bando langu la siku nililisikia likiondoka. Yakashuka maandishi marefu ambayo asilimia tisini sikuyaelewa na mpaka leo sihitaji kuyaelewa. Ila katikati kulikuwa na hivi:

```
[ 48:4c ]
1 error : !nt
FAILURE_BUCKET_ID: MEMORY_CORRUPTION_ONE_BIT
```

Binamu akaniambia chukua kalamu. 48 na 4c ni namba za kompyuta, ukizifungua kwenye sifuri na moja, 48 ni 01001000 na 4c ni 01001100. Angalia tofauti. Nikaziandika moja juu ya nyingine kwenye daftari, sifuri moja tu, ya tatu kutoka kulia, imegeuka kuwa moja. WinDbg imelinganisha kilichokuwa kwenye RAM wakati wa ajali na jinsi faili la Windows linavyotakiwa kuwa, sehemu ile palitakiwa 48 pamekutwa 4c. Draiva ikiharibu eneo la mwenzake kwa kawaida inamwaga takataka ya namba nyingi pamoja. Kugeuza biti moja tu katikati ya msimbo ambao hata hauruhusiwi kuandikwa, hiyo inanuka hadiwea. Nikafungua na vingine, viwili vikaniambia MEMORY_CORRUPTION_ONE_BIT vilevile, vilivyobaki havikusema kitu cha maana.

Nikakimbilia kile kipimo cha Windows chenyewe, `mdsched.exe`, ikajiwasha upya ikapima ikasema hakuna tatizo. Moyo ukashuka. Binamu akasema hicho kikikamata kosa kiamini, kikikosa usikiamini, nenda MemTest86. Hii unaiweka kwenye flashi, laptopu inawakia kwenye flashi bila Windows kabisa, kwa hiyo hapo draiva hamna, hamna wa kusingiziwa. Nikaiacha kibandani usiku, chaji imechomekwa, toleo la bure linazunguka mara nne. Asubuhi nimefungua mlango nakuta mistari myekundu, na kwenye muhtasari ile "Bits in Error Mask" inaishia na 00040000. Makosa mengi lakini biti moja ileile kila wakati. Tarakimu 4 ukiifungua ni 0100, yaani ya tatu kutoka kulia, sawasawa na ilivyokuwa kwenye 48 na 4c. Nilisimama pale na funguo mkononi natabasamu kama chizi.

Kilichobaki ni kujua ni kijiti au ni sloti, maana sloti ikiwa mbovu basi fundi na mazabodi yake atakuwa karibu na ukweli. Nikazima, nikatoa chaji, nikatoa betri, bisibisi ndogo, kifuniko cha chini. Vijiti vimelala viwili, unafungua vibanio vya pembeni chenyewe kinainuka. Nikapima cha zamani peke yake, sloti ya kwanza, safi. Cha mtumba peke yake sloti hiyohiyo, makosa. Nikakisugua meno yake na raba ya penseli kama wanavyofanya mafundi, nikarudisha, makosa. Nikakihamishia sloti ya pili, makosa. Cha zamani sloti ya pili, safi. Ilinichukua siku mbili kwa sababu mchana lazima nifanye kazi, na nilifanya na 4 GB peke yake, pole pole lakini bluu haikuja hata moja.

Kilichoniuma ni mafaili. RAM mbovu haiishii kuzima mashine, kitu kikipita kwenye ile biti kikasevwa, kinasevwa na kosa lake. Ripoti mbili za wanafunzi ziligoma kabisa kufunguka, Word inasema faili limeharibika, nikazichapa upya bure usiku. Hizo ndo hasara ninazozijua mimi.

Fundi alipita wiki iliyofuata kuulizia ile hela ya mazabodi nimefikia wapi. Nikamwonyesha daftari, akaangalia zile sifuri na moja akasema haya. Halafu akaona kijiti juu ya meza nimekiandikia X na makapeni.

"Hiki dada kama hukitumii nipe, mimi nitakipatia mtu."

Nikachukua koleo nikakikata katikati, vipande nikampa.