Kati ya turubai na turubai

Leo Jumatano na sauti ya shangazi haijanitoka. "Mwanangu, shughuli haijafika, wewe ushaiombea mvua?" Kikao kizima kikacheka, hata Zuhura, mwenye send-ofu yake niliyekuwa namhangaikia.

Nilichouliza kilikuwa kidogo tu. Nilimuuliza mwenye maturubai: tukiyaweka mawili bega kwa bega, maji ya pale kati yanakwenda wapi? Akajibu, "Hapo pana uwazi kidogo tu, dada." Uwazi kidogo! Mapaa mawili yanamwaga mahali pamoja, na chini yake ndipo tumepanga meza ya wazee. Tanga, mwezi wa nne, jamani.

Nikanyamaza. Kesho yake nikanunua nailoni nzito mita saba, maana turubai lina mita sita na nilitaka ncha itokeze nje. Tukaifunga kwenye nguzo za pande zote mbili, ikalegea katikati kama mfereji, upande wa migombani tukaushusha shubiri moja. Tukamwaga ndoo ya maji kuijaribu: yakatuama katikati. Tukashusha shubiri ya pili, yakakimbia mpaka migombani. Usiku ule nililala.

Jenereta la jirani nalo nililijaribu Alhamisi, vyote vikiwa vimechomekwa kwa pamoja. Spika na taa lilizimudu; friji ilipoanza kunguruma, likakohoa na taa zikafifia. Friji ikachomolewa, soda zikaingia kwenye pipa la barafu.

Jumamosi saa kumi mvua ikashuka, na umeme ukaondoka nayo. Pilau ilikuwa bado njiani, mpishi kachelewa saa mbili nzima, wageni wanatafuna kashata na kunywa kahawa tuliyoweka akiba kwa siku kama hiyo. Mimi niko na ufagio, mpini nimeuviringishia kanga usije ukatoboa, nasukuma taratibu kutoka chini kila turubai linapofanya kitumbo cha maji. Kitumbo ukikiacha kinazidi kuvuta maji, mwisho turubai linachanika au nguzo inapinda. Mfereji wangu ukawa unamwaga migombani bila kupumzika. Meza ya wazee kavu.

Shangazi alikuwa kakaa hapohapo. Akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Nailoni hii mmechukua mita ngapi?"

"Saba, shangazi."

"Mngechukua nane."

Siku nne nimekuwa nikiligeuza hilo. Mngechukua nane. Nikipika nalisikia, nikioga nalisikia. Mpaka leo asubuhi alipomtuma mjukuu wake na kikapu: bibi anasema ile nailoni, kama haina kazi, banda lake la kuku linavuja. Nimecheka hadi nikakaa chini. Nimempa yote saba.

Ila mama. Tangu Jumapili hajalitaja goti lake hata mara moja, na kupanda ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Kesho nitampitia kabla ya kazi.