Asilimia 12 ya kwenye daftari

Juzi mpwa wangu kanitumia picha za daftari, ukurasa baada ya ukurasa, nyingine zimepigwa gizani. Kachaguliwa katibu wa tawi lao la chama cha wafanyakazi, na timu ya majadiliano inataka muhtasari kabla ya kukutana na mwajiri. "Mjomba, hapa naanzia wapi?" Nikazikuza zile picha kwenye simu, na katikati ya ukurasa mmoja nikakuta mstari usio na jina la msemaji: "Posho: imekubaliwa." Nikacheka peke yangu. Mstari wa namna hiyo, mimi nao tunajuana.

Ni mwaka ule Katibu wetu alipougua majadiliano yakiwa katikati. Madaftari yake yakaletwa kwangu, pamoja na ya wale wawili waliokuwa wakimsaidia kuandika. Kiongozi wa timu hakutaka maneno mengi. Alitaka karatasi moja yenye safu tatu: tunachodai, walichojibu, na viporo.

Kazi ya kuchambua sitaisimulia yote, maana nusu yake ni kufumbua mwandiko. Nilisoma kila kitu mara ya kwanza bila kuandika chochote, nikarudia na kalamu. Kila sentensi iliyobeba jambo nikaipa alama tatu pembeni: nani kasema, kikao cha ngapi, ukurasa upi. Isiyo na msemaji nikaizungushia duara. Madai yaliyofanana nikayaweka pamoja, ila kwa uangalifu. Walinzi walitaka usafiri, na wafanya usafi nao walitaka usafiri, lakini walinzi walitoka saa nne usiku na wafanya usafi waliingia saa kumi na moja alfajiri. Ukiandika "usafiri" mara moja, mwajiri atatoa gari moja la saa nne, na kwenye karatasi itaonekana dai limejibiwa.

Safu ya majibu ndiyo iliyonila muda. Mwajiri akisema "tutaliangalia", hilo si jibu. Akisema "tumelipokea", kapokea barua tu. Nilikuwa na majibu ya aina tatu tu: ndiyo, hapana, na ndiyo yenye sharti. Yaliyobaki yote yalikwenda kwenye viporo, hata kama aliyesema alitabasamu.

Sasa posho ya zamu ya usiku. Wakati ule ilikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi, na sisi tulidai 20. Kwenye daftari la kikao cha tano kulikuwa na maneno "posho ya usiku 12, tumemaliza", yamepigiwa mstari mara mbili, bila msemaji. Katika kumbukumbu za mkutano wa wanachama, wiki hiyo hiyo, palikuwa na azimio kwamba timu iruhusiwe kukubali asilimia 12 au zaidi. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, unaona jambo limekwisha. Wanachama wametoa idhini ya 12, mwajiri katoa 12, kilichobaki ni saini.

Nikarudi nyuma kutafuta hiyo 12 ilizaliwa wapi. Niliikuta kikao cha tatu, kwenye daftari la yule msaidizi mdogo ambaye wenzake walimcheka kwa kuandika kila kitu, mpaka kukohoa kwa watu. Msemaji alikuwa ofisa rasilimali watu. Maneno yake yaliandikwa hivi: mwajiri yuko tayari kwa asilimia 12, endapo chama kitakubali kwamba dakika 15 za kukabidhiana zamu zisihesabiwe tena kuwa muda wa ziada. Chini yake: "Mwenyekiti: tutajibu." Nikafungua kikao cha nne, cha tano, cha sita. Hakuna aliyejibu. Sharti lilianguka njiani, namba ikaendelea na safari peke yake.

Basi kwenye safu ya majibu nikaandika "12, kwa sharti la makabidhiano, kikao cha 3", na kwenye viporo nikaandika: "Sharti la dakika 15: chama hakijajibu."

Asubuhi ya kukutana na mwajiri tulijifungia kwenye chumba kidogo, timu nzima. Kiongozi wa timu akaipitia karatasi kwa kidole mpaka kikafika pale, kikasimama.

"Hili limekwisha. Kwa nini umelifungua?"

"Sijalifungua, Mzee. Halikufungwa."

"Wanachama wanajua ni 12. Nimewaambia mimi mwenyewe."

Nikamsogezea daftari la kikao cha tatu. Akalisoma, akalifunga, akalirudisha upande wangu wa meza. Akasema kazi yangu ilikuwa kufupisha, si kuchokonoa. Sauti haikuwa ya hasira sana, na hilo ndilo lililonitisha. Wengine waliangalia vikombe vyao. Mtu mmoja akasema tukiwakumbusha sharti watalishikilia, tukinyamaza labda wao pia wamelisahau. Lilikuwa wazo lenye akili, na hadi leo silidharau. Nilichosema ni kwamba kumbukumbu za kikao cha tatu wao pia wanazo, na wao wana katibu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo dada mmoja wa zamu ya usiku, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akaigeuza karatasi yangu upande mweupe. Akaomba kalamu.

Hakupiga hesabu kwa fedha, alipiga kwa dakika, kwa sababu mishahara yetu ilitofautiana na dakika hazitofautiani. Zamu ni saa 8, dakika 480. Asilimia 8 ya hapo ni malipo ya dakika 38 na kidogo. Dakika 15 za makabidhiano zililipwa mara moja na nusu, kwa hiyo ni sawa na dakika 22 na nusu za mshahara wa kawaida. Akajumlisha: leo, kila usiku, napata juu ya mshahara malipo ya karibu dakika 61. Kisha akaandika toleo la mwajiri. Asilimia 12 ni dakika 57 na nusu hivi, na makabidhiano sifuri. Akachora mstari chini ya 61 na chini ya 57, akamsogezea kiongozi wa timu.

"Mzee, hii nyongeza inanipunguzia."

Hakuna aliyesema kitu. Kiongozi wa timu akaichukua kalamu, akairudia hesabu yote mwenyewe, polepole, akinong'ona tarakimu. Ikatoka vilevile. Halafu mtu wa zamu ya mchana akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Na sisi ambao hatuna posho ya usiku?" Yule dada hakuhitaji hata kuandika. Wao wangepoteza zile dakika 22 na nusu kila siku, wasipate chochote. Na wao ndio waliokuwa wengi.

Nilitamani kusema "mnaona?" lakini sikusema. Kwanza, hesabu haikuwa yangu. Karatasi yangu ilionyesha tu kwamba kuna sharti lisilojibiwa, wala haikujua uzito wake. Aliyeujua ni aliyekuwa akisimama getini saa mbili kasoro robo asubuhi akimwonyesha mwenzake mashine ipi inasumbua.

Mezani mambo yalikwenda haraka. Kiongozi wa timu aliuliza swali moja: je, asilimia 12 inasimama bila sharti la makabidhiano? Ofisa rasilimali watu akafungua faili lake, na kumbukumbu ya kikao cha tatu ilikuwa na karatasi ya njano ya kunata juu yake. Kwa hiyo hawakuwa wamesahau. Wakaomba mapumziko, wakarudi na jibu jipya: sharti linaondolewa, ila posho itakuwa asilimia 10. Tukawakumbusha kwamba walishatamka 12. Wakajibu kwamba walitamka 12 pamoja na sharti, na kwamba hakuna lililokubaliwa mpaka yote yakubaliwe. Kanuni hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa utaratibu tuliousaini sisi wenyewe.

Yule dada alikwisha kupiga tena. Asilimia 10 ni dakika 48, pamoja na 22 na nusu za makabidhiano, 70 na nusu. Inazidi 61, inazidi 57. Lakini idhini tuliyopewa na wanachama ilisema 12 au zaidi, kwa hiyo timu haikuweza kusaini. Pendekezo Namba 163 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1981, linataka wajadiliani wapewe mamlaka ya kujadili na kufikia mwafaka, huku likiacha nafasi ya kurudi kwa wanaowawakilisha. Kwa lugha yetu ya tawini: hukutumwa hiyo, rudi ukaulize.

Tukarudi. Mkutano ulikuwa mkali. Watu walisikia jambo moja tu: mlikuwa na 12, mmerudi na 10. Kiongozi wa timu alieleza vizuri, kwa dakika zile zile, na yule dada akasimama akaeleza vizuri zaidi. Kura zilipita, lakini kwa tofauti ndogo, na mtu wa nyuma kabisa akauliza nani aliyefukua lile sharti. Mwenyekiti akasema "kamati". Nilimshukuru moyoni, kisha nikajiuliza kama kweli nilihitaji kufichwa.

Nimemjibu mpwa wangu kwamba aanze na mistari isiyo na msemaji, aizungushie duara, aitafutie mzazi kwenye vikao vya nyuma, na jibu lenye sharti asilitenganishe na sharti lake hata kwa nukta. Ananiuliza aongeze safu ya nne, ya yale ambayo wanachama wameshaambiwa, ili timu ijue namba gani imeshatoka nje ya chumba. Sina hakika. Ingetusaidia siku ile, bila shaka. Lakini karatasi hizi huwa zinasahaulika juu ya meza za watu, na sijui kama ningependa mwajiri aisome safu hiyo. Nimemwambia aiweke kwenye daftari lake, kwa penseli.

Mwaka jana nilikutana na mmoja wa wale wa zamu ya mchana. Amestaafu. Baada ya salamu akaniuliza, kwa utani nadhani, ile asilimia mbili yetu niliipeleka wapi.