Nilivyopandisha bei ya wali maharage bila kukimbiwa na wateja

Mwanzoni mwa 2023 mchele ulipanda hadi nikawa naununua Tandale kwa shilingi 3,000 kilo, wakati miezi michache nyuma niliuchukua kwa 1,800. Mgahawa wangu uko Tabata, karibu na gereji, na sahani ya wali maharage ilikuwa 2,000.

Kilo moja inanitolea sahani sita. Kwa hiyo mchele peke yake ulikuwa umeniongezea shilingi 200 kila sahani, na maharage na mafuta kama 100 hivi. Nilitakiwa kuuza 2,300, lakini bei hiyo ni balaa la chenji: saa saba mchana foleni imejaa, kila mtu ana noti, mimi natafuta mia saba za kurudisha. Nikaamua 2,500, na ile 200 ya juu nikairudisha kwenye sahani, mchicha ukaongezeka na kipande cha tikiti kikawa cha kila siku.

Wenzangu wengi hupunguza wali kimyakimya. Kwa mafundi hilo halipiti. Wali wangu naupima kwa bakuli moja lile lile, na mtu anayekula hapo kila siku analijua kuliko mimi.

Wiki moja kabla, sikubandika tangazo. Nilimwambia kila mteja wa kudumu kwa mdomo, wakati analipa, si wakati anakula. Fundi mmoja akaja juu: “Mama, mia tano yote?” Nikamwambia, “Baba, kilo ya mchele imepanda elfu na mia mbili, inatoa sahani sita. Gawa mwenyewe.” Akagawa, akanirudia: “Hiyo ni mia mbili, mia tatu je?” Nikamtajia mafuta na maharage, halafu nikamwonyesha mchicha. Hakufurahi, ila aliacha kubisha. Wenye daftari niliwaambia kwamba deni la nyuma linabaki kwa bei ya zamani.

Kwa bodaboda, ambao 2,500 kweli inawauma, nilitoa sahani ndogo ya 1,500, bakuli dogo na maharage bila tikiti. Chai na chapati sikuzigusa, maana asubuhi ndiyo inayomleta mtu arudi mchana.

Kipimo changu kilikuwa sufuria saa tisa. Siku za mwanzo wali ulibaki, nikapunguza kilo mbili kwenye mapishi badala ya kurudi nyuma kwa bei. Baadaye nikazirudisha. Wawili watatu walihamia kwa jirani, na jirani naye akapandisha.

Kuna waliotaka niahidi kushusha bei ya sahani mchele ukishuka. Nilikataa, kwa sababu mkaa na kodi ya fremu havishuki. Mavuno yalipoingia na bei ya mchele ikalegea, fundi yule yule akanikumbusha mbele ya watu. Bei niliiacha, nikaanza kuweka dagaa wa kukaanga pembeni ya wali kila Jumamosi.