Kadi tatu za harusi kwa Kireno

Mwenzetu wa ofisini ni kijana wa Pemba ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mwezi mmoja kabla ya harusi yake alitugawia kadi za mwaliko hapa Mtwara, zimeandikwa Kireno kitupu. Mstari wa chini ulisema kwamba baada ya kanisani kutakuwa na *copo-d'água*. Dereva wetu, aliyewahi kuokota maneno mawili matatu ya Kireno mpakani, akatutafsiria: glasi ya maji. Kwa nusu siku nzima ofisi ilimsengenya bwana harusi kwa ubahili, hadi yeye mwenyewe alipotueleza kwamba hilo ndilo jina la karamu ya harusi kwa Kireno, na kwamba nyama itakuwepo.

Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza Kireno kidogo jioni jioni, kazi ya kuandika pongezi ikaniangukia mimi. Kadi zilikuwa tatu. Ya kwanza yangu binafsi, maana yule kijana tumekula naye mchana meza moja miaka mitatu. Ya pili ya ofisi nzima. Ya tatu ya mzee, mkuu wetu wa kazi, ambaye ni mtu wa heshima zake na hakutaka kadi ya "hongera shosti".

Mtu atauliza, kwa nini tusiandike Kiswahili? Bwana harusi anakiongea vizuri, na pwani ya kwao kuna Kimwani, ambacho ukitulia ukasikiliza unaambua mengi. Lakini bibi harusi ni wa Maputo, na wazazi wake hawana Kiswahili hata cha kuombea maji. Kadi za harusi zinasomwa na wakwe pia.

Nilianza na ile ya mzee, nikidhani ngumu ndiyo imalizwe kwanza. Nilitaka kusema "kwa hisia zangu za dhati kabisa". Nikafungua kamusi, hisia ni *sentimentos*, nikaunga: *Com os meus mais sinceros sentimentos*. Ikanipendeza. Jioni nikaipeleka kwa jirani yangu, bibi aliyezaliwa upande wa Mueda na kusomeshwa na masista wa Kireno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kuna nini?"

Akaisoma, akavua miwani. "Nani kafa?"

Kumbe *os meus sentimentos* ndilo neno la msibani. Mreno au Mmsumbiji akilisikia anajua unampa pole ya kufiwa. Sarufi haina kosa, ndiyo maana kamusi haikunionya. Neno la harusini, akasema bibi, ni *votos*. *Votos de felicidades*, yaani "nakutakia heri", ndiyo roho ya kadi yoyote yenye adabu. Neno hilohilo ni kura za uchaguzi, na ni nadhiri za maharusi mbele ya padri, lakini likifuatwa na *de felicidades* hakuna anayekwenda kutafuta sanduku la kura.

Kuanzia hapo nikaacha kutafsiri Kiswahili changu, nikawa namuuliza bibi watu husema nini. Akanipa kwanza maneno mawili. *Parabéns* ni hongera, na daima iko katika wingi, hata ukimpongeza mtu mmoja. Unampongeza mtu kwa *a* na jambo kwa *por*, kwa hiyo *parabéns aos noivos* ni hongera kwa maharusi, na *parabéns pelo vosso casamento* ni hongera kwa ndoa yenu. *Felicidades* ni heri, na unaweza kuiandika peke yake ikatosha.

*Noivos* ilinitia shaka, kwa sababu nilikuwa naijua kama wachumba. Bibi akasema ni wachumba hadi siku ya harusi, na siku ya harusi ndio maharusi wenyewe. Kadi inayotolewa siku hiyo inawaita *noivos* bila tatizo. Ukichelewa ukaileta wiki mbili baadaye, basi ni *recém-casados*, waliooana karibuni.

Kadi yangu ilitoka hivi:

*Queridos noivos,*
*Parabéns! Que alegria ver-vos chegar a este dia. Que sejam muito felizes, que nunca vos falte amor, saúde e motivos para sorrir, e que a vossa casa esteja sempre cheia de gente amiga.*
*Um grande abraço da vossa amiga,*

Maana yake: wapenzi maharusi, hongera, ni furaha iliyoje kuwaona mmefika siku hii. Muwe na furaha tele, msikose kamwe upendo, afya na sababu za kutabasamu, na nyumba yenu ijae marafiki siku zote. Mwisho, kumbatio kubwa kutoka kwa rafiki yenu.

Msumari unaoshikilia kadi nzima ni ile *que*. Katika Kireno heri ya namna hii haitamkwi kwa umbo la kawaida la kitenzi. *São felizes* ni "wana furaha", taarifa tu. Ukisema *que sejam felizes* ndipo inakuwa dua. Sisi tunafanya jambo hilohilo kwa irabu moja ya mwisho: mnabarikiwa ni habari, mbarikiwe ni dua. Nilipoliona hivyo sikukosea tena. *Sejam* muwe, *tenham* mpate, *vivam* muishi, *Deus vos abençoe* Mungu awabariki.

Jambo la pili ni "nyinyi". Mistari mingi ya pongezi inayozagaa mtandaoni ni ya Kibrazili, na si ajabu, Brazili ina watu zaidi ya milioni 200. Huko wanasema *desejo a vocês*. Msumbiji wanafuata mkondo wa Ureno, na kwenye maandishi ni *desejo-vos*, na "yenu" ni *vosso* au *vossa*. Ukiandika Kibrazili utaeleweka vizuri tu, ila utasikika kama mtu aliyejifunzia kwenye tamthilia. Kibaya ni kuchanganya vyote viwili katika sentensi moja, jambo nililolifanya kwenye rasimu mbili kabla bibi hajaniambia nichague nchi.

Hata hivyo kuandikia watu wawili kuna nafuu yake. Ukimwandikia mmoja inabidi uamue kama ni *tu* au *você*, na hapo ndipo watu wanapokoseana adabu. Wakiwa wawili, yale mashaka yanafutika.

Kadi ya ofisi ilikuwa ya katikati, si baridi na si ya kukumbatiana:

*Caros noivos,*
*Em nome de todos os colegas, muitos parabéns pelo vosso casamento. Desejamos-vos uma vida a dois longa e feliz.*
*Com amizade,*

*Caros* inapunguza joto la *queridos* kwa daraja moja. *Vida a dois*, maisha ya wawili, ni usemi wa kawaida sana wa harusini kwao. Mhasibu wetu alitaka tumalizie kwa *Com os melhores cumprimentos*, kwa kuwa ndivyo barua pepe za wateja wa Msumbiji zinavyoisha. Ni kweli zinaisha hivyo, na ndiyo sababu niliikataa. Ile ni salamu ya ankara. *Com amizade*, kwa urafiki, haimlazimishi mtu yeyote kumbusu mwenzake na bado ina ubinadamu.

Sasa ya mzee. Yeye alikuwa na ombi lake: tuweke "Mungu awajalie watoto wengi". Bibi akatikisa kichwa. Dua ya watoto, alisema, mtu anaitamka kwa mdomo akiwa jamaa, haiandikwi na mkuu wa kazi kwa wakwe asiowajua. Akitaka kumtaja Mungu, aseme *que Deus abençoe o vosso lar*, Mungu aibariki nyumba yenu. Nikampelekea mzee jibu kwa upole. Akaguna, akakubali tuache yote mawili.

*Muito honrado com o convite, apresento aos noivos, por ocasião do seu casamento, as minhas mais sinceras felicitações, com votos de uma vida conjugal longa e feliz. Às duas famílias dirijo os meus respeitosos cumprimentos.*
*Com elevada estima e consideração,*

Tazama kilichotokea: ile "nyinyi" imeondoka kabisa. Mzee haongei na maharusi, anawataja. Anatoa pongezi "kwa maharusi", kwa ajili ya ndoa "yao", na ndiyo maana hapa ni *seu* wala si *vosso*. Bibi alisema hicho ndicho kipimo cha urasmi kuliko maneno makubwa: kadiri unavyotaka heshima, ndivyo unavyojitenga hatua moja nyuma. Na *parabéns* imepisha *felicitações*, ambayo ni hongera iliyovaa suti.

Neno la kwanza nusura liniaibishe. Niliandika *honrada*, kwa mazoea, kwa kuwa mimi ni mwanamke na mazoezi yangu yote nilijisemea mwenyewe. Sifa katika Kireno inafuata jinsia ya anayeelezwa, na hapa anayeelezwa ni mwandishi mwenyewe. Mzee angejitokeza Pemba akiwa bibi. Ukinakili mstari wa mtu mwingine, tafuta kwanza *honrada*, *grata*, *feliz*: mbili za mwanzo zinageuka kuwa *honrado* na *grato* kwa mwanamume, ya mwisho haigeuki.

Duka la uchapaji lilitaka kutuchapishia kadi, lakini mashine yao ilikula alama zote za juu ya herufi. *Saúde* ikabaki *saude*, ambayo msomaji atasamehe. Lakini kuna zisizosameheka. *Pais* ni wazazi, *país* ni nchi, na tofauti ni kijialama kimoja juu ya i. Nikanunua kadi tupu nikaandika kwa mkono, nikinakili kwenye simu, ambako ukibonyeza herufi ukaishikilia alama zinajitokeza.

Mzee alisafiri, sisi tulibaki. Bwana harusi aliporudi kazini alituambia kwamba kadi yangu ilimliza mama yake kidogo, na ile ya ofisi imebandikwa sebuleni. Ya mzee baba mkwe aliisoma kwa sauti kwenye *copo-d'água*, kisha akamwendea mezani akiwa amefurahi, akamwongelesha Kireno kwa dakika nzima bila kupumua. Mzee alisimama, akamshika mkono kwa mikono miwili, akajibu neno pekee alilokuwa nalo, *parabéns*. Akalirudia mara tatu.